Maulizo mengi TikTok, wanunuzi kwenye Status: uchambuzi wa kisa cha duka la mapazia Dar es Salaam

## Usuli

Mwenye biashara katika kisa hiki anashona na kuuza mapazia Dar es Salaam. Ana mafundi wawili wa cherehani na binti mmoja anayejibu simu na meseji. Kitambaa anakifuata Kariakoo, anashona kwa vipimo vya mteja, kisha mzigo unapelekwa kwa bodaboda. Jina lake, mtaa wake na akaunti zake nimeviondoa, na kiasi cha fedha nimekisogeza kwa uwiano uleule ili asitambulike. Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, na alinijia kwa jambo la mahesabu, siyo la matangazo.

Pazia lina tabia moja inayotawala kisa hiki chote: halinunuliwi siku linapoulizwa. Mtu anauliza bei, anakwenda kupima dirisha, anashauriana na wa nyumbani, anasubiri mshahara. Anayejenga Goba au Bunju anaweza kuuliza leo wakati madirisha yake bado hayajapigwa grili.

Dada huyu alikuwa anaposti sehemu tatu. TikTok alikuwa anaweka video karibu kila siku, Instagram picha tatu au nne kwa wiki, na WhatsApp Status picha za kazi zilizotoka kwa fundi siku hiyo. Mara mojamoja alilipia tangazo la Instagram. Usiku alikuwa anakaa mpaka saa tano akikata na kuunganisha video. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, huu muda wote unanilipa, au najichosha bure?"

Hakuwa na namna ya kujibu. Alichokuwa nacho ni idadi ya waliotazama video na hisia kwamba "TikTok inafanya vizuri" kwa sababu simu haikuacha kulia.

## Tulichokubaliana kuhesabu

Kabla ya kufungua jedwali tulikaa kwanza kukubaliana ulizo ni nini. Anayependa picha hahesabiwi, wala anayeandika "nzuri sana" chini ya video. Ulizo ni mtu aliyeuliza bei, rangi, kipimo au mahali duka lilipo, iwe kwa meseji, kwa inboksi au kwa kupiga simu. Mtu mmoja akiuliza mara tano kuhusu sebule ileile, huo ni mstari mmoja. Akirudi baada ya miezi kutaka mapazia ya chumba cha watoto, huo ni mstari mpya.

Jedwali lilikuwa Google Sheets kwenye simu ya binti, na mwenye duka aliliona kwenye simu yake pia. Karatasi ya kwanza tuliiita `Maulizo`, na safu zake zilikuwa hizi: A tarehe ya kuuliza, B tarakimu nne za mwisho za simu, C chanzo, D eneo alipo, E anachotaka, F hali, G tarehe ya kulipa advansi, H mauzo, I gharama, J faida, K sababu ya kutonunua.

Majina na namba kamili tuliziacha nje kwa makusudi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, orodha ya namba za watu inayotembea kwenye simu mbili za kazini si kitu cha kuchukulia kirahisi, na kwa hesabu hii tarakimu nne pamoja na tarehe zinatosha kumtofautisha mtu.

Safu ya H ilijazwa siku advansi ilipoingia, siyo siku mteja aliposema "nachukua". Iliandikwa bei yote iliyokubaliwa, kwa kuwa hakuna pazia linalotoka dukani bila kumaliziwa malipo. Gharama ilijumuisha kitambaa, ufundi, ringi na bodaboda pale duka lilipoilipia. Faida ni H kutoa I, basi. Kodi ya fremu na umeme hatukuvigusa, maana vingelipwa hata asingeposti chochote.

Saa tuliziandika pembeni, kwenye karatasi ya pili. Kila jioni mwenye duka aliandika muda uliotumika kwa kila chanzo: kupiga picha, kuhariri, kuposti na kujibu. Nilisisitiza hili la kujibu. Watu wengi wakihesabu muda wa mitandao wanahesabu video tu, wakati dakika kumi za kumjibu mtu mmoja zikirudiwa kwa watu mia na ishirini ni saa ishirini zimekwenda.

## Kujua mtu ametokea wapi

Hapa ndipo kazi kama hii hufia, kwa sababu kila kitu mwishoni kinaangukia WhatsApp. Binti anaona meseji ya "habari, mapazia bei gani" na hana namna ya kujua imetoka TikTok, Instagram au kwa jirani.

Tuliweka linki tofauti kwenye kila akaunti. Linki za `wa.me` zinakubali kubeba maneno ambayo mteja anayakuta yameshaandikwa, anabaki kutuma tu:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimeona%20mapazia%20TikTok
```

Ya Instagram ilikuwa hivyohivyo, neno la mwisho tu likibadilika, na ya tangazo la kulipia ilisema "nimeona tangazo". Ziliwashika wengi, ila si wote. Wapo wanaofuta maneno yale na kuandika yao, na wapo wanaochukua namba kwenye video na kupiga moja kwa moja. Kwa hao binti aliuliza katika jibu lake la kwanza kabisa, pamoja na swali la mahali: "Karibu sana. Uko wapi, na kazi zetu umeziona wapi?" Likiulizwa mwanzoni, mtu analijibu bila kufikiri. Likiachwa mpaka bei itajwe, wengi hawalijibu tena.

Asiyejulikana aliandikwa `Haijulikani`. Tulikatazana kubahatisha, maana binti tayari alikuwa anaamini TikTok ndiyo kila kitu, na kila asiyejulikana angepelekwa huko.

## Wiki mbili za mwanzo

Jedwali lilikuwa na matatizo mawili.

La kwanza lilikuwa la maandishi. Chanzo kimoja kiliandikwa `TikTok`, `tiktok`, `Tik Tok` na `TT`. Fomula ya kuhesabu haijali herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi katikati ya neno inaifanya ione kitu kingine kabisa. Tulifungua jedwali kwenye kompyuta, tukaingia `Data`, kisha `Data validation`, tukaweka orodha ya kuchagua kwenye safu za C na F. Tangu hapo binti alikuwa anagusa tu.

La pili lilikuwa zito zaidi: kuna watu hawakuandikwa. Tuliligundua kwa njia mbili. Tulipolinganisha mauzo ya jedwali na miamala iliyoingia kwenye simu ya duka, malipo matatu hayakuwa na mstari wowote. Wote watatu walikuwa wamepiga simu badala ya kuandika. Ishara nyingine ilikuwa Jumamosi, siku yenye shughuli nyingi kuliko zote. Jedwali lilionyesha watu wanne tu, na wote wanne wamenunua. Hakuna duka ambalo kila anayeuliza ananunua. Ilimaanisha binti, akizidiwa, alikuwa anaandika walioleta pesa na kuwasahau walioondoka, na hivyo kila uwiano wa siku hizo ulitoka mzuri kuliko hali halisi.

Hatukumlaumu, maana kujaza safu kumi na moja huku watu wanasubiri ni mzigo. Tulikubaliana kwamba papo hapo ajaze nne tu, yaani tarehe, simu, chanzo na eneo, na zinazobaki ajaze jioni akipitia mazungumzo ya siku. Kila Ijumaa mwenye duka alilinganisha jedwali na miamala. Wiki hizo mbili tuliziacha nje ya hesabu, tukaanza kuhesabu upya.

## Wiki nane zilionyesha nini

Majibu yalitoka kwa fomula tatu, zilizorudiwa kwa kila chanzo:

```
=COUNTIF(Maulizo!C:C,"TikTok")
=COUNTIFS(Maulizo!C:C,"TikTok",Maulizo!H:H,">0")
=SUMIFS(Maulizo!J:J,Maulizo!C:C,"TikTok")
```

Ya kwanza inatoa maulizo, ya pili walionunua, ya tatu faida. Baada ya wiki nane, Septemba na Oktoba, na baada ya kusubiri wale wa mwisho wakamilike, picha ilikuwa hii:

| Chanzo | Maulizo | Walionunua | Faida (Sh) | Saa |
|---|---|---|---|---|
| TikTok | 120 | 6 | 420,000 | 80 |
| Instagram bila kulipia | 46 | 9 | 810,000 | 40 |
| Tangazo la Instagram | 38 | 4 | 340,000 | 8 |
| WhatsApp Status | 31 | 14 | 1,330,000 | 16 |

Waliobaki `Haijulikani` walikuwa 17, wawili kati yao wakanunua. Tangazo lilikuwa limelipiwa 240,000, kwa hiyo kilichobaki mkononi ni 100,000.

Ukigawa faida kwa saa, TikTok ilimlipa 5,250 kwa saa, Instagram 20,250, tangazo 12,500 na Status 83,125. Dada aliitazama simu muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani: "Lakini kaka, hawa wa TikTok ndio wengi. Nikiwaacha, hao wa Status watatoka wapi?"

## Uamuzi wa kwanza: kutoifunga TikTok haraka

Kwa kusoma jedwali peke yake, mtu angeiacha TikTok siku ileile. Tulisita kwa sababu ya namna Status inavyofanya kazi. Status haionwi na mpita njia. Ili mtu aione, wewe lazima uwe na namba yake kwenye simu yako, na yeye awe na yako. Basi kila anayenunua kupitia Status aliwahi kuingia kwa mlango mwingine kabla.

Hili tulikuwa tumelishuku katikati ya kazi, na kuanzia wiki ya tano tuliongeza safu ya L, `Alianzia wapi`. Kwa kila aliyenunua kupitia Status, binti alitafuta mazungumzo ya zamani ya namba ile au alimuuliza mwenyewe. Wiki nne za mwisho zilikuwa na wanunuzi wanane wa Status. Watatu walianzia TikTok, wawili Instagram, na watatu ni wateja wa zamani.

Tulirudia hesabu kwa wiki hizo nne, tukiirudishia kila njia watu wake. Faida ya TikTok ya moja kwa moja ilikuwa 210,000. Wale watatu waliopitia Status walileta 285,000. Jumla ni 495,000 kwa saa 40, yaani 12,375 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya tulichoona mwanzo. Instagram nayo ilipanda, kutoka 450,000 hadi 640,000 kwa saa 20, sawa na 32,000 kwa saa.

Kwa hiyo TikTok bado ilikuwa nyuma, lakini haikuwa bure. Ilikuwa inaleta watu wanaokomaa polepole, na Status ilikuwa inavuna.

Hesabu ile ilimsaidia dada kwa jambo jingine pia. Alikuwa anamfunga mtu kama `Amekwama` akinyamaza siku saba. Jedwali, kwa kutoa A kwenye G, lilionyesha wanunuzi kadhaa waliolipa baada ya wiki tatu na nne, na mmoja baada ya siku 41. Tulisogeza kufunga hadi siku 30, na hali ikabadilishwa tena mtu akirudi.

## Uamuzi wa pili: kusoma safu ya K

Kwangu mimi safu ya sababu ilikuwa na thamani kuliko zile za fedha. Kati ya watu 114 wa TikTok ambao hawakununua, 71 walikuwa mikoani: Mwanza, Mbeya, Dodoma, Arusha. Duka halikuwa linawahudumia kwa sababu mwenye duka aliogopa vipimo vibaya. Pazia likikatwa fupi halirudi dukani. Wengi wa waliobaki walinyamaza mara tu baada ya kutajiwa bei.

Hili la pili lilitokana na mazoea ambayo maduka mengi ya mitandaoni yanayo, ya kuandika "bei njoo inboksi". Sikubaliani nayo kwa bidhaa kama hii. Inaleta maulizo mengi, na maulizo mengi yanampa mwenye duka furaha, lakini binti analipa furaha hiyo kwa dakika kumi kumi za kumtajia bei mtu ambaye angejipima mwenyewe kama angeiona kwenye video.

Yakafanyika mabadiliko matatu. Kila video na picha iliandikwa bei ya kuanzia kwa dirisha moja la kawaida, pamoja na maneno "tupo Dar, mikoani tunatuma". Ikatengenezwa video moja fupi ya kupima, iliyotumwa kwa kila aliye mkoani: pima urefu wa bomba, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya hapo ili mikunjo ikae vizuri, kisha pima kutoka bomba hadi sakafuni, na tuma picha ya futi ikiwa imeshikwa ukutani. Mzigo ukawa unapelekwa kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, malipo yakiwa yamekamilika kabla. Na saa za TikTok zikapunguzwa kutoka kumi hadi nne kwa wiki, hasa kwa kuacha uhariri wa usiku. Video ikawa fundi anashona, pazia linatundikwa, bei inaonekana.

Jambo dogo liliambatana na haya: kila aliyeuliza aliombwa kuhifadhi namba ya duka, na binti akahifadhi yake palepale, hata kama hakununua.

## Matokeo

Katika wiki nane zilizofuata, maulizo ya TikTok yalishuka kutoka 120 hadi 64. Walionunua walipanda kutoka 6 hadi 8, watatu kati yao wa mikoani. Faida ya moja kwa moja ilikuwa 640,000 kwa saa 32, yaani 20,000 kwa saa. Instagram ilibaki karibu palepale, maulizo 44 na wanunuzi 10. Pazia moja la mkoani lilitoka fupi kwa sababu mteja alipima kutoka juu ya dirisha badala ya kwenye bomba, na duka likashona upya kwa hasara ya kitambaa. Baada ya hapo picha ya futi ikawa sharti la kupokea advansi.

## Kilichofaa, na kisichoweza kusemwa

Wiki nane za pili ziliangukia Novemba na Desemba, wakati watu wanabadilisha mapazia kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ongezeko lote la wanunuzi limetokana na bei iliyoandikwa kwenye video. Lakini msimu ungepandisha maulizo pia, na ya TikTok yalishuka karibu nusu. Sehemu hiyo naamini imetokana na bei kuonekana, pamoja na video kupungua. Ni kiasi gani kimetokana na lipi, jedwali haliwezi kutenganisha, kwa sababu vyote vilibadilishwa wiki moja. Duka lenye subira zaidi lingebadilisha kimoja, likasubiri mwezi, ndipo likagusa kingine.

Saa ndizo tarakimu dhaifu kuliko zote humu. Ziliandikwa jioni kwa kukumbuka, na mtu aliyechoka huona kazi asiyoipenda kuwa ndefu. Tofauti ya 5,250 na 83,125 inavumilia makosa hayo. Tofauti ya 12,500 na 20,250 inavumilia kidogo sana.

Tangazo la kulipia ni mfano wa mahali ambapo hatukuhukumu. Wanunuzi wanne waliacha 100,000. Angepungua mmoja tu, wa kawaida mwenye faida ya 85,000, ingebaki 15,000, na tungeandika kwamba tangazo halilipi. Kwa idadi ndogo hivyo, mteja mmoja aliyepata mshahara mapema anageuza uamuzi. Dada alitaka kulifuta. Nilimshauri aliwekee mipaka ya Dar es Salaam pekee, atumie 30,000 kwa wiki, na asilihukumu mpaka wanunuzi wake wafike ishirini. Amefika tisa.

Status nayo ina kikomo ambacho faida yake kwa saa inakificha. Kuongeza saa kwenye Status hakuongezi watazamaji. Wanaongezeka namba zinapohifadhiwa pande zote mbili. Mwenye duka alijaribu wiki moja kuweka picha mara tatu zaidi, na wanunuzi hawakuongezeka. Sasa kwenye jedwali kuna safu ya M yenye jibu moja tu, ndiyo au hapana: namba imehifadhiwa? Kila Ijumaa, baada ya kulinganisha miamala, ndiyo safu anayoisoma kwanza.